Kukata nyaraka za kampuni kwa ajili ya boti: vidogo, vikubwa, kwa vifungu, au mama na watoto?

Mfanyakazi mwenye mkataba wa miezi 6 anaiuliza boti ya kampuni, yaani programu inayochota vipande vya nyaraka na kujibu maswali kwa kutumia modeli ya lugha, kama siku zake za likizo zilizobaki anaweza kuzihamishia mwaka ujao. Jibu linakuja: ndiyo, siku 5, mradi zitumike kabla ya mwisho wa Machi, tazama kifungu 6.2 cha Kanuni za Wafanyakazi. Anafungua waraka, anasoma 6.2, na kweli ndivyo kilivyoandikwa. Anapanga safari. Kumbe aya mbili chini yake, 6.4 inasema: "Haki iliyotajwa hapo juu haiwahusu walio kwenye mkataba usiozidi miezi 12."

Hakuna kilichobuniwa hapo. Modeli ilisoma kilicholetwa mezani ikajibu kwa uaminifu. Kosa lilitokea wiki kadhaa nyuma, siku waraka ulipokatwa vipande na 6.2 ikatenganishwa na 6.4. Ndiyo maana anayejenga boti ya namna hii hukwama kwenye swali linaloonekana dogo: kipande kiwe na ukubwa gani?

Waraka huu mmoja tutautumia kupima njia nne, pamoja na swali la pili lenye tabia tofauti kabisa: "Fomu ya kurudishiwa nauli ni namba gani?" Jibu lake ni mstari mmoja tu, "tumia fomu FN-12", uliofukiwa katikati ya kifungu 11 kinachoeleza taratibu za safari za kikazi kwa kurasa kadhaa. Swali la kwanza linahitaji aya mbili zilizotengana, la pili linahitaji mstari mmoja. Karibu kila ugomvi kuhusu ukubwa wa vipande ni ugomvi kati ya maswali ya aina hizi mbili.

## Tunalinganisha kwa vigezo gani

Kipande kina kazi mbili, na kazi hizo zinavutana. Kwanza lazima kipatikane. Kila kipande hugeuzwa kuwa vekta moja, yaani safu ya namba inayobeba maana yake, na swali nalo hugeuzwa vivyo hivyo, kisha vipande vilivyo karibu zaidi na swali ndivyo vinavyochotwa. Kipande chenye mada moja kina vekta inayoeleweka. Kipande chenye mada sita kina vekta ya wastani wa mada zote sita, na wastani haufanani sana na lolote kati ya hizo.

Pili, kikishapatikana, lazima kitoshe. Modeli ya lugha inayoandika jibu haioni waraka, inaona vipande vilivyochotwa tu. Masharti, mipaka na maneno kama "kifungu hiki" au "waliotajwa hapo juu" yakibaki nje, jibu litakuwa nusu. Kupatikana kunavuta kuelekea udogo, kutosha kunavuta kuelekea ukubwa.

Kigezo cha tatu ni bajeti ya tokeni, yaani maandishi mangapi unaipa modeli kwa kila swali. Hapa pesa si jambo pekee. Mwaka 2023 utafiti ulionyesha kwamba modeli za lugha hutumia vizuri zaidi habari iliyo mwanzoni au mwishoni mwa maandishi marefu, na hupungukiwa pale jibu linapokaa katikati. Kujaza maandishi si kinga.

Cha nne ni kazi ya kuandaa na kutunza: waraka unahitaji kusafishwa kiasi gani kabla ya kukatwa, na ukibadilika kesho utasasisha vitu vingapi.

Kabla hujaanza, hakikisha namba unazosoma zinahesabu kitu kimoja. Tokeni si neno, ni kijipande cha maandishi ambacho modeli hukisoma kama kitu kimoja. Neno la Kiswahili kama "hawatarudishiwa" linaweza kuvunjwa tokeni kadhaa, kwa sababu vikata-tokeni vingi vilijifunza zaidi kwa Kiingereza. Ushauri wa "tokeni 500" uliotoka kwenye nyaraka za Kiingereza utakupa maneno machache zaidi kwenye waraka wa Kiswahili. Na kuna mtego mwingine: kikataji maarufu cha maktaba ya programu ya LangChain, `RecursiveCharacterTextSplitter`, kwa kawaida huhesabu herufi. Ukiandika `chunk_size=500` ukidhani ni tokeni, unapata vipande vya herufi 500, sawa na sentensi chache tu. Nimeona mtu akilaumu modeli kwa wiki nzima kwa sababu hiyo. Ukitaka tokeni, sema hivyo waziwazi:

```python
from langchain_text_splitters import RecursiveCharacterTextSplitter

kikataji = RecursiveCharacterTextSplitter.from_tiktoken_encoder(
    encoding_name="cl100k_base",
    chunk_size=200,
    chunk_overlap=40,
)
vipande = kikataji.split_text(waraka)
```

Kisha chapisha vipande ishirini na uvisome kwa macho yako. Hakuna kipimo kinachoshinda hicho siku ya kwanza.

## Vipande vidogo: tokeni 150 hadi 250

Kupatikana. Hapa ndipo vinapong'ara. Swali la fomu linapata jibu bila taabu: kipande chenye sentensi tatu kuhusu kurudishiwa nauli kinafanana mno na swali lenyewe. Swali la likizo nalo linaipata 6.2 mara moja, ila 6.4 haionekani. Isome tena 6.4 bila kichwa chake: haina neno "likizo" wala "kuhamisha". Ina "haki", "mkataba" na "miezi 12". Kwa vekta inafanana zaidi na vifungu vya majaribio ya kazi na kuvunja mkataba, kwa hiyo inapigana na vipande vingi vya aina hiyo na kushindwa.

Kutosha. Ni udhaifu wake mkuu, na ubaya wake ni kwamba haupigi kelele. Jibu huja na rejea sahihi, na aliyeuliza akikagua rejea anakuta maneno yaleyale. Kosa la namna hii hugunduliwa na ofisi ya rasilimali watu miezi baadaye.

Wengi hudhani dawa ni marudio, yaani kila kipande kuanza na maneno ya mwisho ya kile kilichotangulia. Marudio husaidia sentensi iliyokatwa mpakani. Hayasaidii sharti lililo aya mbili mbele. Tena kikataji hicho nilichotaja hurudia sehemu nzima tu. Aya yako ya mwisho ikizidi kiwango cha marudio ulichoweka, hairudiwi kabisa, hata kama `chunk_overlap` inaonyesha 40.

Bajeti na matunzo. Ni nafuu. Vipande 5 vya tokeni 200 ni tokeni 1,000 tu kwa swali. Faharasa inakuwa na mistari mingi: waraka wa tokeni 24,000 unatoa vipande 120 bila marudio, au kama 150 ukirudia tokeni 40 kwa kila kipande. Kwa nyaraka za ofisi, hilo si tatizo.

Vinamfaa nani. Mwenye maswali na majibu mafupi yanayojitegemea: orodha ya maswali yanayoulizwa mara kwa mara, maelezo ya bidhaa, kamusi ya istilahi za kampuni, anwani na namba za fomu.

## Vipande vikubwa: tokeni 800 hadi 1,200

Kupatikana. Swali la likizo linakwenda vizuri, kwa sababu kipande kizima kinahusu likizo. Swali la fomu linaumia. Mstari wa FN-12 umezungukwa na tiketi, posho, malazi, bima na ripoti ya safari, na vekta ya kipande inasema "safari za kikazi" kwa jumla. Kama kampuni ina nyaraka nyingine tatu zinazozungumzia safari, kipande chenye jibu kinaweza kushuka hadi nafasi ya nane wakati wewe unachukua vitano.

Kagua pia kikomo cha modeli inayotengeneza vekta. Modeli ndogo inayopendwa sana, `all-MiniLM-L6-v2`, kwa mpangilio wake wa kawaida husoma tokeni 256 za kwanza na kuacha zilizobaki, kimyakimya, bila kosa lolote kwenye skrini. Ukiipa kipande cha tokeni 1,000, robo tatu yake haimo kwenye vekta. Modeli kama `text-embedding-3-small` hupokea zaidi ya tokeni 8,000, lakini kuweza kupokea maandishi marefu si sawa na kuyawakilisha kwa undani: vekta inabaki moja.

Kutosha. Kwa kawaida ni nzuri, kwa bahati. Nasema bahati kwa sababu kikataji cha ukubwa hakijui kifungu 6 kinaishia wapi. Leo 6.2 na 6.4 zimo kwenye kipande kimoja. Mtu akiongeza aya tatu kwenye kifungu 4, mipaka yote inasogea, na kesho mkato unaweza kuangukia 6.3. Boti iliyokuwa inajibu sawasawa inaanza kukosea bila mtu kugusa kifungu cha likizo.

Bajeti na matunzo. Vipande 5 ni tokeni 5,000. Kazi ya kuandaa ni ndogo sana, na hiyo ndiyo sababu halisi ya wengi kuanzia hapa.

Vinamfaa nani. Mwenye maandishi yanayosimulia mfululizo: ripoti za mradi, kumbukumbu za vikao, maelezo ya tukio na chanzo chake. Huko maswali huwa "kwa nini" na "ilikuwaje", na sentensi moja haijibu.

## Kukata kwa vifungu

Hapa ukubwa hauchaguliwi na namba, unachaguliwa na mwandishi wa waraka. Alipoandika kichwa cha habari alikuwa tayari ameamua nini kinakwenda pamoja na nini.

Kupatikana. Nguvu ya njia hii iko kwenye jambo dogo ambalo wengi hulipuuza: kila kipande kibebe njia ya vichwa vyake juu, kabla hakijageuzwa vekta. Kipande cha 6.4 kinakuwa hivi:

```text
Kanuni za Wafanyakazi > 6 Likizo > 6.4 Mipaka ya kuhamisha siku
Haki iliyotajwa hapo juu haiwahusu walio kwenye mkataba
usiozidi miezi 12.
```

Sasa kina maneno "likizo" na "kuhamisha siku". Hata kikisimama peke yake kina nafasi ya kupatikana pamoja na 6.2, na modeli inayosoma inajua "hapo juu" ni wapi. Ukiwa na muda wa kufanya jambo moja tu wiki hii, fanya hili, njia yoyote utakayochagua.

Kutosha. Kifungu kizima cha 6 kikiingia kama kipande kimoja cha tokeni 700, swali la likizo limekwisha. Shida ni kwamba waandishi hawaandiki kwa kipimo. Kifungu 3 kina sentensi mbili, kifungu 11 kina tokeni 3,000. Kwa hiyo weka sakafu na dari: vifungu vilivyo chini ya tokeni 100 hivi viunganishwe na jirani yake chini ya kichwa kilekile, na vinavyozidi 800 vikatwe kwa vijifungu vyake, kila kimoja kikibaki na njia ya vichwa. FN-12 inapata kipande chake, "11 Safari > 11.7 Kurudishiwa nauli", na kupatikana kwa urahisi.

Bajeti na matunzo. Bajeti inayumba kwa sababu vipande havilingani. Kazi kubwa iko mwanzoni. Waraka wa Markdown au HTML unakatika wenyewe. Faili ya PDF mara nyingi haina vichwa vya habari kwa maana ya kompyuta, ina herufi nene zilizowekwa mahali fulani kwenye ukurasa. Maandishi yakitolewa, namba za kurasa na jina la kampuni la juu ya kila ukurasa huchomekwa katikati ya sentensi. Lazima uyaondoe kwanza.

Majedwali ni kisa chao wenyewe. Mstari unaosomeka "C | 21 | 5" ukitengwa na kichwa cha jedwali hauna maana kwa mtu wala kwa vekta. Jedwali fupi liache zima. Refu ligeuze kila mstari kuwa sentensi: "Daraja C: siku za likizo 21, zinazoweza kuhamishwa 5."

Inamfaa nani. Mwenye sera, mikataba, kanuni na miongozo ya kazi iliyoandikwa kwa nidhamu. Anayekaa juu ya lundo la barua na skani asijidanganye. Vifungu visivyokuwepo havitakatwa.

## Mama na watoto

Njia hii inazitenganisha zile kazi mbili. Vipande vidogo, watoto, ndivyo vinavyogeuzwa vekta na kutafutwa. Kila mtoto anamjua mama yake, kipande kikubwa. Mtoto akipatikana, anayepelekwa kwa modeli ni mama.

Kupatikana. Ni kama vipande vidogo. 6.2 inashika swali la likizo, 11.7 inashika swali la fomu.

Kutosha. Kwa swali la likizo, 6.2 inaleta kifungu 6 chote, na 6.4 inakuja mgongoni mwa mama hata kama yenyewe haikuchotwa. Lakini angalia mama ni nani. Ukimfanya kuwa tokeni 1,000 zilizokatwa kwa ukubwa, umerudi kwenye ile bahati ya mipaka. Mama awe kifungu. Na njia hii haitakuokoa ikiwa sharti liko kwenye waraka mwingine, tuseme tangazo la baadaye lililobadilisha 6.2. Hapo unahitaji kuandika uhusiano huo kwenye taarifa za kipande, au kulitoa toleo la zamani kwenye faharasa kabisa.

Bajeti na matunzo. Watoto watano wanaweza kuwa wa mama watano, ukajikuta na tokeni 4,000 au zaidi. Wanaweza pia kuwa ndugu, na usipoondoa marudio utampeleka mama yuleyule mara tatu. Matunzo ndiyo bei yake ya kweli: una hifadhi mbili. Waraka ukisasishwa, watoto wa zamani wasipofutwa wataendelea kupatikana, wakimwelekeza msomaji kwa mama aliyekwisha kubadilika au asiyekuwepo. Dalili yake ni jibu linalotaja kifungu ambacho toleo jipya halina.

Inamfaa nani. Mwenye maswali ya aina zote mbili kwenye nyaraka zilezile, na mtu wa kuangalia mfumo baada ya kuzinduliwa.

## Kulinganisha kwenye nyaraka zako mwenyewe

Ulinganisho mwingi huharibika mahali pamoja: watu huchukua vipande 5 vidogo na vipande 5 vikubwa, kisha wanatangaza vikubwa vimeshinda. Bila shaka, vimepewa maandishi mara tano zaidi. Funga bajeti badala ya idadi. Kama unaruhusu tokeni 5,000, linganisha vidogo 25 na vikubwa 5. Utashangaa jinsi 6.4 inavyoanza kuonekana nafasi ya kumi na tano.

Kusanya maswali 40 hivi kutoka kwa watu wanaouliza kweli, na kwa kila moja andika jibu liko waraka gani na kifungu gani. Usiandike namba ya kipande, maana namba hizo hubadilika kila unapokata upya na kipimo chako kinakufa. Maswali yenye jibu la sehemu mbili, kama lile la likizo, yaandikie sehemu zote mbili, na uhesabu kupatikana pale tu zote zilipoletwa.

Kisha kila jibu baya liulize: kifungu kililetwa? Kama hakikuletwa, tatizo ni la kupatikana. Punguza ukubwa au ongeza njia ya vichwa. Kama kililetwa nusu, ongeza ukubwa au tumia mama. Kama kililetwa chote na jibu bado si sahihi, acha kucheza na vipande, tatizo liko kwa modeli inayosoma au maelekezo uliyoipa. Maswali yenye alama kama FN-12 yakiendelea kupotea kwa kila ukubwa, ongeza utafutaji wa maneno, kwa mfano BM25, kando ya ule wa vekta. Vekta hazina kumbukumbu nzuri ya namba za fomu.

## Kwa hali yako

Ukiwa na sera na kanuni zenye vichwa safi, anza kwa vifungu vyenye njia ya vichwa, dari tokeni 800. Mara nyingi hutahitaji kwenda mbali zaidi.

Ukiwa na maswali mafupi yenye majibu mafupi, kata jozi moja kwa kipande kimoja, swali pamoja na jibu lake, na usiongeze marudio yoyote.

Ukiwa na lundo la skani zisizo na mpangilio na wiki moja ya kazi, tumia tokeni 400 hadi 500 kwa ukubwa, marudio ya 50 hivi, na utafutaji wa maneno kando. Itakosea kwenye masharti, kwa hiyo boti ionyeshe ukurasa mzima wa chanzo na si mstari mmoja.

Ukiwa na ripoti na kumbukumbu za vikao, nenda kwa vikubwa, huku ukikagua kikomo cha modeli ya vekta kwanza.

Na kama kosa kwenye jibu lina gharama, likizo, malipo, usalama kazini, chukua mama na watoto ambapo mama ni kifungu, na umkabidhi mtu mmoja jukumu la kufuta watoto wa zamani kila toleo jipya linapotoka.